Nyutro Inapokatika: Kwa Nini Taa za Jirani Zififie na Zako Zing'ae Kupita Kiasi

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa serikali na walimu, kuhusu hitilafu moja ya umeme wa majumbani.)

Liko jambo moja ambalo huwashangaza watu wengi mitaani. Jioni moja taa za nyumba ya kwanza zinafifia hata mtu hawezi kusoma. Nyumba ya pili, iliyo mkono wa pili wa barabara ile ile, taa zinawaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, na baada ya dakika chache televisheni inatoa moshi. Nyumba ya tatu nayo jokofu linanguruma kwa namna isiyozoeleka, kisha linanyamaza moja kwa moja. Kesho yake kila mwenye nyumba ana maelezo yake. Mmoja husema umeme ulikuwa mdogo, na mwingine husema umeme ulikuwa mwingi. Wanabishana, kila mmoja akidhani mwenzake amekosea, ilhali wote wawili wamesema kweli.

Umeme mdogo na umeme mwingi, saa ile ile na katika mtaa ule ule, aghalabu huwa ni ugonjwa mmoja. Waya mmoja umekatika au umelegea, na waya huo ni ule ambao watu huupuuza kuliko wote kwa sababu wameambiwa kwamba "hauna umeme". Mafundi huuita nyutro.

Ili jambo hili lieleweke hapana budi kuanzia kwenye nguzo. Transfoma ya mtaani hutoa nyaya nne. Tatu kati ya hizo huitwa fezi, na ya nne ndiyo nyutro. Kwa kipimo kinachotumika Tanzania, ambacho ni kile kilichowekwa katika viwango vya kimataifa mwaka 1983, kati ya fezi yoyote na nyutro pana volti 230, na kati ya fezi moja na nyingine pana volti 400. Nyumba ya kawaida, ile ambayo umeme wake huitwa wa njia moja, huunganishwa kwa nyaya mbili tu: fezi moja na nyutro. Nyumba ya jirani huenda imepewa fezi nyingine, na ya tatu fezi nyingine tena, ili mzigo wa mtaa ugawanywe. Nyutro, hata hivyo, ni ya wote.

Watu wengi hufikiri kwamba volti 230 huletwa nyumbani na fezi peke yake, kama maji yanavyoletwa na bomba. Sivyo. Volti 230 ni tofauti kati ya ncha mbili, na ncha ya pili ni nyutro. Endapo nyutro itahama mahali pake, tofauti ile itabadilika hata kama fezi haikuguswa. Hapo ndipo lilipo fumbo lote la jambo hili.

Mwalimu anaweza kulionyesha darasani bila kutumia umeme hata kidogo. Achukue ubao na kupigilia misumari mitatu, iwe pembe tatu zilizo sawa, na kila msumari uwe mbali na mwenzake kwa sentimita 40. Misumari hiyo ndiyo fezi tatu, na kila sentimita moja ihesabiwe kuwa volti 10. Kisha aweke pete ndogo katikati kabisa ya pembe hizo. Akipima kwa rula ataona kwamba pete iko sentimita 23 kutoka kila msumari. Ndizo volti 230. Pete hiyo ndiyo nyutro, na msumari mdogo wa nne, uliopigiliwa ndani ya pete hiyo, ndio uzima wa waya wa nyutro unaorudi hadi kwenye transfoma na kuishikilia pale katikati.

Sasa mwalimu afunge vipande vya mpira kutoka kwenye pete hadi kwenye misumari ile mitatu. Vipande hivyo ni vyombo vinavyotumia umeme. Jiko la umeme ni vipande vingi, taa moja ni uzi mwembamba. Maadamu msumari wa katikati upo, hata upande mmoja ukifungwa vipande vinane na mwingine kimoja, pete haihami. Inavutwa, lakini imeshikiliwa. Nguvu inayoelemea msumari ule wa katikati ndiyo mkondo unaopita katika waya wa nyutro.

Kisha mwalimu aung'oe msumari wa katikati.

Pete itaondoka mara moja kuelekea upande wenye vipande vingi vya mpira. Upande huo umbali utapungua, na pande nyingine mbili umbali utaongezeka. Yaani nyumba zenye mzigo mkubwa zitapata volti chache, na zile zenye mzigo mdogo zitapata volti nyingi. Hiyo ndiyo hitilafu yenyewe, haina siri nyingine. Mpira wa kawaida una urefu wake hata usipovutwa, kwa hiyo vipimo vya ubaoni havitalingana sawasawa na hesabu, lakini upande ambao pete itaelekea hautakosewa.

Na ichukuliwe hesabu ya mtaa mdogo wa kufikiriwa. Fezi ya kwanza ina jiko na birika la umeme, jumla wati 4,000. Fezi ya pili ina pasi moja ya wati 1,000. Fezi ya tatu ina taa, televisheni na vyombo vidogo vidogo vya wati 500. Uwiano wa mizigo hiyo ni nane, mbili na moja. Kwa wepesi wa hesabu, vyombo vyote vichukuliwe kuwa ni vya kupasha moto tu. Nyutro ikiwa nzima, kila nyumba ina volti zake 230, na mkondo unaorudi kwa waya wa nyutro ni kama ampea 14. Hakuna anayejua kwamba mizigo haiko sawa, wala hakuna sababu ya kujua.

Nyutro ikatike kwenye nguzo, kabla ya nyumba hizo. Hesabu inaonyesha kwamba fezi ya kwanza itabaki na volti 96 hivi. Ya pili itapata volti 309. Ya tatu, ile ya taa na televisheni, itapata volti 332. Jiko halitachemsha hata chai. Lakini kwenye fezi ya tatu, kitu chochote cha kupasha moto kitatoa joto zaidi ya maradufu, kwa sababu joto huongezeka kwa mraba wa volti.

Kwa televisheni na vyombo vya namna hiyo hali ni mbaya zaidi. Ndani yake umeme wa volti 230 hugeuzwa kuwa wa mkondo mnyoofu wa volti 325 hivi, na huhifadhiwa katika kapasita ambayo kwa kawaida imetengenezwa kuhimili volti 400. Volti 332 za ukutani zikigeuzwa hivyo huwa karibu 470. Kapasita huvimba na kupasuka, na ule mlio mdogo wa "pa" ambao watu huusikia kabla ya moshi kutokea mara nyingi ndio huo.

Lipo jambo linalofuata ambalo si watu wengi hulifikiria. Televisheni ikiungua na kuacha kutumia umeme, mzigo wa fezi ya tatu unapungua tena. Kipande kimoja cha mpira kimekatika. Pete inasogea mbali zaidi na upande huo, na volti zinapanda kutoka 332 kuelekea 365. Kwa hiyo taa iliyonusurika mara ya kwanza huenda isinusurike mara ya pili. Vyombo huungua kwa kufuatana, kila kimoja kikifungua njia ya mwenzake, na ndiyo sababu mwenye nyumba husimulia kwamba viliungua "kimoja kimoja", wala si vyote kwa mpigo kama inavyokuwa radi inapopiga.

Je, yule wa fezi ya kwanza, aliyebaki na volti 96, yuko salama? Hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Anaona taa zimefifia na birika halichemki. Anajisemea kwamba umeme umepungua, afadhali azime jiko na birika, abakie na taa na televisheni mpaka hali itengemae. Ni uamuzi wa busara kwa mtu asiyejua chanzo cha hitilafu. Lakini mara anapozima jiko, vipande vinane vya mpira vinakatika kwa pamoja. Pete inamkimbia. Inakwenda kulala kwenye mstari wa kati ya fezi ya pili na ya tatu, na taa na televisheni alizoziacha zinapokea volti 350. Yeye aliyekuwa na umeme mdogo kuliko wote sasa ndiye mwenye umeme mwingi kuliko wote, na amejiletea mwenyewe kwa kubonyeza swichi moja. Wakati huohuo yule mwenye pasi anashuka hadi volti 133.

Kwa hiyo katika hitilafu hii hakuna nyumba yenye umeme mdogo iliyo salama. Iko chini kwa sababu tu imeshika mzigo mkubwa kwa dakika ile. Taa zinapofifia namna hiyo, dawa si kuzima chombo kimoja na kuacha kingine, bali ni kuzima meinswichi nzima.

Ndugu wasikilizaji, wengi watauliza: mbona sakiti breka hazikuruka? Mbona fyuzi haikukatika? Swali hili ni la haki, na mafundi wengi hulijibu ovyo kwa kusema kwamba sakiti breka ilikuwa mbovu. Yamkini ilikuwa nzima kabisa. Fyuzi na sakiti breka ya kawaida hupima mkondo, yaani ampea, wala hazipimi volti. Katika mfano uliotolewa, mkondo wa fezi ya tatu uliongezeka kutoka ampea 2 na kidogo hadi 3 na kidogo. Sakiti breka ya ampea 10 haioni sababu ya kuruka kwa ampea 3. Hata ile breka inayolinda watu dhidi ya umeme unaovuja kwenda ardhini haitaruka, kwa sababu mkondo unaoingia kwa fezi ndio ule ule unaotoka kwa nyutro ya nyumba. Haujavuja popote ndani ya nyumba.

Chombo kinachosaidia ni kile kinachopima volti na kukata umeme zinapopita kiwango au zinaposhuka mno, kama vile vinavyouzwa madukani kwa ajili ya kulinda majokofu na televisheni. Vinasaidia, lakini hulinda tu kile kilichochomekwa ndani yake. Stebalaiza ina mpaka wake, na volti 350 huwa zimeupita mpaka wa nyingi kati ya hizo. Ama vile vizuizi vidogo vya radi vilivyomo ndani ya nyaya za soketi nyingi, kazi yake ni kumeza pigo la nusu ya kufumba jicho. Vikipewa volti 330 kwa dakika kumi hupata moto, na vimewahi kuwa chanzo cha moto wenyewe.

Sasa nyutro hukatikaje? Mara chache hukatika kwa kishindo, kama vile gari linapogonga nguzo au tawi la mti linapoanguka. Mara nyingi zaidi hufa polepole kwenye kiungo. Waya wa alumini umefungwa na waya wa shaba bila klampu inayofaa kwa metali hizo mbili, mvua inanyesha, unyevu unaingia, na alumini inaliwa kidogo kidogo. Au klampu haikukazwa vya kutosha siku ya kwanza. Kiungo cha namna hiyo kikifikia ukinzani wa nusu omu tu, katika mtaa ule wa mfano, kitakuwa kinatoa joto la wati 90 hivi juu ya nguzo, mchana na usiku, kila mizigo inapokuwa vile. Joto huzidisha kutu, kutu huzidisha ukinzani, na ukinzani huzidisha joto. Wakati huo pete imesogea volti 7 tu, na hakuna anayelalamika. Miezi inapita. Kisha jioni moja ya mvua na upepo, kiungo kinaachia.

Kabla ya kuachia kabisa, hata hivyo, kwa kawaida hutoa dalili, na dalili hizo ndizo zinazofaa kujulikana na kila mtumishi na kila mwalimu, kwa kuwa hazihitaji kipimo. Katika umeme ulio mzima, mtu akiwasha pasi, taa za nyumba yake huweza kufifia kidogo sana. Hilo ni la kawaida. Lakini mtu akiwasha pasi na taa za chumba kingine au za jirani zikang'aa zaidi, hilo halina maelezo mengine mema. Mzigo ukiongezwa mahali hauwezi kuongeza volti mahali pengine ila nyutro imeanza kulegea na pete imeanza kuhama. Dalili ya pili ni taa zinazopanda na kushuka bila mpango wakati upepo unavuma. Ya tatu huonekana kwa testa: fundi akigusa tundu la nyutro kwenye soketi na taa ya testa ikawaka, nyutro hiyo haiko tena mahali pake.

Mwenye mita ya volti anaweza kuhakikisha. Apime fezi kwa fezi: atakuta 400, 400 na 400, kama kawaida. Ndiyo sababu mashine ya kusaga nafaka ya njia tatu, ambayo mota yake haitumii nyutro, huendelea kusaga bila matata huku nyumba za jirani zikiungua, na mwenye mashine huapa kwamba umeme ni mzuri. Kisha apime kila fezi na nyutro. Akipata namba tatu zinazotofautiana sana, kama 96, 309 na 332, jibu limepatikana. Transfoma ni nzima na fezi ni nzima. Upimaji huo ni kazi ya fundi, kwani waya wa nyutro uliokatika, ule upande wa nyumba, huua sawasawa na fezi.

Tena ni muhimu kuelewa mahali waya ulipokatikia. Ukikatika kwenye waya unaoingia nyumba moja ya njia moja, nyumba hiyo huingia gizani tu. Hakuna kinachoungua, ila nyutro ya ndani huwa na umeme kupitia chombo chochote kilichowashwa, na mtu anayebadilisha balbu akidhani umeme umekatika yuko hatarini. Ukikatika kwenye laini kuu ya mtaa, ndipo yanapotokea yaliyoelezwa. Lakini pako mahali pa tatu panaposahauliwa, napo ni kwenye majengo yanayopokea njia tatu: shule za bweni, zahanati, ofisi za wilaya, hosteli. Jengo la namna hiyo lina nyutro yake moja kwa fezi zote tatu. Ikilegea ndani ya ubao wa meinswichi wa jengo lenyewe, mtaa mzima unabaki salama na jengo hilo peke yake linaungua. Jiko la bweni limefungwa fezi moja, madarasa fezi nyingine, kompyuta za ofisi fezi ya tatu. Ni mtaa ule ule wa mfano, umewekwa chini ya paa moja. Wapishi wanapoanza kazi, kompyuta hupata volti 330.

Kwa sababu hiyo kanuni ya zamani ya mafundi inakataza kuweka fyuzi kwenye nyutro. Fyuzi ya nyutro ikikatika peke yake imeumba hitilafu hii kwa makusudi. Kadhalika swichi ya kubadilisha kati ya umeme wa gridi na jenereta, ikiwa hukata nyaya zote nne, lazima iwe imetengenezwa hivi kwamba nyutro haiachii kabla ya fezi wala haishiki baada yake. Swichi ya bei nafuu ambayo meno yake yameungua huweza kuwa na nyutro isiyoshika vizuri, na kila inapogeuzwa, jengo hupata volti za ajabu kwa muda. Mkuu wa shule anayeona kwamba kompyuta huharibika kila mara jenereta inapowashwa, aiangalie swichi hiyo kabla ya kuilaumu jenereta.

Rangi za nyaya nazo zimezua balaa. Katika majengo ya zamani yaliyofungwa kwa desturi ya Kiingereza, fezi zilikuwa nyekundu, njano na buluu, na nyutro ilikuwa nyeusi. Katika mpangilio mpya wa kimataifa, buluu ndiyo nyutro, na nyeusi ni mojawapo ya fezi. Fundi kijana anayefungua ubao wa zamani bila kupima, akafuata rangi alizofundishwa, ataifunga fezi mahali pa nyutro, na vyombo vya njia moja vitapata volti 400 kamili tangu sekunde ya kwanza.

Inafaa pia yasemwe mawili matatu juu ya ardhi, kwa kuwa hapo ndipo hufanyika kosa la hatari kuliko yote. Baadhi ya mafundi wa mitaani, wanapokuta nyutro haipo, hupigilia chuma ardhini na kukitumia badala ya nyutro. Taa zinawaka, fundi analipwa, anaondoka. Lakini ardhi si waya. Chuma kimoja katika udongo wa kawaida huweza kuwa na ukinzani wa omu 50, na katika udongo mkavu au wa mchanga zaidi ya hapo. Chombo cha wati 1,000 chenyewe kina omu 53 hivi. Vikifuatana, vinagawana zile volti 230 karibu nusu kwa nusu: chombo kinapata volti 118, na volti 112 zilizosalia zinabaki kwenye chuma kile na kwenye udongo unaokizunguka. Ikiwa chuma hicho ndicho kimeunganishwa na waya wa ardhi wa nyumba, basi mwili wa jokofu, sufuria iliyo juu ya jiko la umeme na bomba la kuogea vyote vina volti 112. Mtoto asiyevaa viatu anaposhika mlango wa jokofu hatapata onyo lolote.

Pamoja na hayo, ardhi ina kazi yake halali. Shirika la umeme linapofunga nyutro na ardhi kwenye transfoma na tena kwenye nguzo kadhaa njiani, nyutro ikikatika pete haiachwi huru kabisa. Inashikiliwa kidogo na ardhi. Volti hazitafika 332, bali pengine zitaishia mahali pa chini zaidi, kwa kadiri ya ubora wa ardhi hizo. Hupunguza madhara, haiondoi hitilafu. Hali ni hiyo hiyo katika kusawazisha mizigo. Fezi zote tatu zikiwa na mzigo sawa kabisa, nyutro ikikatika hakuna atakayejua: pete itakaa katikati hata bila msumari. Lakini mizigo huwa sawa kwa dakika tu. Mtu mmoja anawasha pasi, na usawa umekwisha. Ndiyo sababu waya huweza kukatika usiku wa manane, watu wakiwa wamelala na mizigo ikiwa midogo na karibu sawa, na maafa yakaonekana alfajiri wakati birika la kwanza linapowashwa.

Kwa hiyo mtu anapoona taa zake zinang'aa kupita kiasi, au zinafifia huku za jirani ziking'aa, azime meinswichi kwanza, kisha awaambie majirani nao wazime, hasa wale walio gizagiza ambao hudhani kwamba wao hawahusiki. Baada ya hapo ipigwe simu ya dharura ya shirika la umeme, na lugha inayofaa kutumika ni hii: "Nyumba nyingine zina umeme mdogo na nyingine mwingi." Kusema tu "umeme umepungua" humpeleka fundi kuitazama transfoma, nayo ni nzima. Mwenye mita aandike saa na volti alizosoma, na kama ana LUKU inayoonyesha volti aandike zile zilizotokea hapo. Pakitokea madai ya vyombo vilivyoungua, karatasi hiyo itakuwa na maana zaidi kuliko televisheni iliyoungua, ambayo haiwezi kueleza iliungua kwa sababu gani.

Fundi akishamaliza kazi nguzoni, meinswichi isiwashwe papo hapo na vyombo vyote vikiwa vimechomekwa. Vichomolewe vyote, iwashwe balbu moja tu ya bei ndogo, na itazamwe kwa dakika kadhaa. Kisha kiwashwe chombo kimoja kikubwa, pasi au birika, huku balbu ikiangaliwa. Ikififia kidogo sana, au isipobadilika, ni vyema. Jirani wa fezi nyingine naye afanye hivyo hivyo kwa zamu yake, huku huyu wa kwanza akiendelea kuiangalia balbu yake. Jirani anapowasha birika, balbu ya huyu wa kwanza ikizidi kung'aa, kiungo kile bado, na fundi aitwe kabla hajashuka na ngazi yake kwenye gari.